Ubeti wa Tatu Uliopanda

Jumanne, Machi 1966. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, mvua hakuna.

Padre alikuwa ametupa kazi moja watu wawili: kuandika nota za wimbo wa mama mmoja Mturukana, aliyerekodiwa kwenye tepu pale kanisani. Kwaya ingeimba Pasaka kwa nota zilizo sawa. Mwenzangu ni mwalimu aliyesomea muziki chuoni. Mimi karani niliishia darasa la sita, na namwonea wivu hata anavyochonga penseli.

Nilirudia tepu mara nyingi. Ubeti wa tatu ulipanda, nikabadilisha ufunguo, yaani kimo cha sauti. Yeye aliandika beti zote kwa ufunguo mmoja. Nikafurahi moyoni: masikio yake yamelala.

Leo mama aliitwa aimbe tena. Akamalizia kwa sauti ile ile aliyoanzia.

"Bwana karani," mwalimu akasema, "siku ya kurekodi betri zilikuwa zinaisha, tepu ikazunguka polepole. Ukiicheza kwa betri mpya, sauti inapanda na wimbo unakimbia."

Kumbe ndiyo sababu nilikuwa nimeandika "kwa haraka" hapo.

"Nikimbie wapi na mguu huu?" mama akacheka.

Niseme haki: mwalimu naye aliandika nota tatu kamili mahali mama anatelezesha sauti tu. Nilipomwonyesha, alifuta bila kubisha, na hilo liliniuma zaidi. Nikamwambia padre achukue zake.

Mke wangu aliuliza za nani zimechukuliwa. Nikamjibu, "Za mwalimu, na anastahili." Tukala githeri ya mahindi na maharagwe pamoja na maziwa ya mgando.