Kisiagi Kilichouzwa

Kisiagi, mashine yetu ya kusaga mahindi, tulikiuza baada ya kumzika baba. Lori lilikuja kwetu Mutuini, wanaume wanne wakapakia mota na mawe ya kusagia, na kibanda cha mabati kikabaki na sakafu yenye mafuta, na swichi ukutani ambayo haikuwa na cha kuwasha.

Wiki ya pili mama aliweka kikombe cha uji chini akaniambia, "Nenda uzime mashine. Mahindi yameisha, inasaga hewa."

Mama hakuwa amechanganyikiwa, maana hata mimi nilikuwa nikiisikia: ile ngurumo yenye filimbi nyembamba juu yake, ya mashine iliyobaki tupu. Nikadanganya. "Hakuna kitu, mama. Mimi sisikii kitu." Kwetu ukisema unasikia mashine ya marehemu, watu wa maombi watajaa sebuleni kabla chai haijachemka, na mimi sipendi kushikwa kichwa.

Basi akawa anaenda kuizima mwenyewe. Kila siku, saa kumi na moja jioni, saa ambayo baba alikuwa akifunga. Siku moja aliteleza kwenye mtaro akapasuka paji la uso. Nilimfunga kitambaa huku nikimgombeza kama mtoto, nami nilikuwa na hofu tupu. Kuanguka kwingine kungemvunja nyonga, na ningekuwa nimemuua kwa uongo wangu.

Nikampeleka mjini, kwa daktari wa kupima usikivu, dada mmoja mpole aliye na chumba ghorofa ya tatu. Ana kijichumba kilichozibwa sauti, kina dirisha dogo la kioo. Mama alikataa kufungiwa humo peke yake, nikaingia naye. Mlango ulipofungwa, Nairobi yote ikakatika, honi na kelele zote. Mle ndani kikabaki kisiagi tu, kikubwa kuliko siku zote. Nilishika kiti.

Mama alivaa vidude vya masikioni na kupewa kitufe cha kubonyeza akisikia mlio. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Daktari akafungua mlango, uso umebadilika kidogo. "Shosh," akasema, kama anaongea na bibi yake, "bado sijatoa sauti yoyote."

"Nimeisikia," mama akasema. "Na huyu pia ameisikia, muulize."

"Sijasikia kitu," nikasema.

Daktari akarudia kwa sauti zinazokatikakatika, ili mama aweze kuzitofautisha na ile yake. Kisha akatueleza. Miaka ya kelele ilikuwa imeharibu masikio ya mama, na ubongo ukikosa sauti za nje unaweza kujitengenezea za kwake. Akauliza kama mimi na mama tulikuwa tukiziba masikio tukimsaidia baba kusaga. Mama akacheka. Utazibaje masikio? Mwenye kisiagi hujua kwa sikio mahindi yanapokaribia kuisha.

Niliuliza kama kifaa cha kusaidia kusikia kitamponya, na hakunipambia maneno. Alisema hakiponyi. Lakini mtu aliyepungukiwa na usikivu akirudishiwa sauti za nje, mara nyingi mlio humsumbua kidogo kuliko awali, ingawa tafiti bado hazijamaliza ubishi. Kifaa hicho kingeweza pia kutoa shhh laini ya kufunika mlio. Wengine hupata afueni nayo, ila haijathibitishwa kwamba inashinda kifaa cha kawaida. Chenye ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza dhiki, alisema, ni mazungumzo ya kumfundisha mtu kutouogopa mlio. Akamwandikia mama vyote viwili, kifaa na mazungumzo.

Nyumbani mama aliipandisha ile shhh hadi juu ili ammalize baba kabisa, ndivyo alivyosema. Nikamwita chakula mara tatu hakusikia. Ilibidi daktari aishushe, akisema mlio uachwe usikike kidogo, akili iuzoee. Mwezi wa tatu wa kuvaa kifaa mama alikuwa akiwagombeza kuku kwa kelele zao. Saa kumi na moja ikafika, akabaki kwenye kiti.

"Bado inasaga," aliniambia, "lakini iko mbali. Huko kwa majirani."

Nilifurahi, kisha nikaona wivu. Yangu haikuwa imekwenda kokote.

Jioni moja nilienda kuchukua kuni. Sijui nilifikaje kibandani. Nilijikuta nimesimama gizani, kidole kwenye swichi, nikibonyeza juu, chini, juu, chini. Sikusikia hatua zake. Zamani yeye ndiye asingesikia zangu.

"Nasikia hiyo swichi kutoka jikoni," mama akasema mlangoni.

Nilishindwa kugeuka. Nililia, bila aibu, kama siku ya mazishi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya uji."

Akautoa mkono wangu ukutani, kidole kimoja kimoja.

"Na ukaniacha niende mwenyewe," akasema. "Kesho utakaa kwenye kile kiti cha daktari. Mimi nitashika mlango."