Kiti cha Mgeni na Mwezi wa Darasa la Sita

Wanafunzi walimwita Mama Mwezi, na yeye alijifanya hajui. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akifundisha sayansi darasa la sita, na kila mwaka, wiki ya mwezi ilipofika, alifungua balbu ya sebuleni kwake, akaifunga ndani ya soksi na kwenda nayo shuleni. Siku hiyo familia ilikula mapema. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno machache, ndiye aliyemshonea mapazia meusi kwa bitana za makoti yaliyokosa wenyewe. Mpira wa kuwa mwezi Mama Mwezi aliupaka chokaa mwenyewe, akauchoma kwa penseli ili upate pa kushikia. Kwa vifaa hivyo alikuwa amewaelewesha mamia ya watoto kwa nini mwezi hubadilika sura, na alijivunia hilo kuliko jambo lolote maishani mwake, watoto wake watatu wakiwemo, ingawa hakuwahi kuwaambia.

Safari hii maji yalikuwa shingoni. Mzazi mmoja alikuwa amelalamika kwamba mwanawe anafungiwa gizani na kulazimishwa kuzunguka kama pia. Mwalimu mkuu, mtu mwema lakini mwoga wa barua zenye muhuri, akamwita ofisini.

"Mama, mkaguzi anakuja Alhamisi," alimwambia. "Akiandika kwamba somo lako halifai, darasa la sita nalitoa mikononi mwako. Nitakupa la kwanza, ukafundishe kuumba herufi."

"La kwanza wana mwezi?" aliuliza Mama Mwezi.

"Wana herufi," alisema mwalimu mkuu.

Alhamisi ikafika, na mkaguzi naye akafika, mwanamume mpana mwenye kalamu mbili mfukoni na fomu ya nakala tatu. Hapo ndipo heshima ilipoharibu kila kitu. Mwalimu mkuu alikuwa ameleta kiti cha ofisini kwake, chenye mikono na mto, na kwa kuwa mgeni alihitaji mwanga wa kuandikia, akakiweka mahali pekee ambapo pangebaki na mwanga mapazia yakifungwa: mbele, ubavuni mwa taa yenye ile balbu. Mama Mwezi alikiona. Akamnong'oneza mwalimu mkuu kwamba pale sipo, mgeni akae katikati. Mwalimu mkuu akamjibu kwa jicho kwamba mgeni hapangiwi pa kukaa.

Mapazia yakafungwa. Chumba kikawa cheusi, isipokuwa ile taa mezani, mbele, na bega la kushoto la mkaguzi.

"Taa ni jua," alisema Mama Mwezi. "Mpira ni mwezi. Kichwa cha anayeushika ni dunia, na macho yake ni sisi tunaoangalia."

Msichana aliyeitwa Redio, kwa sababu ambazo hazikuhitaji kuelezwa, akasimama katikati ya chumba, akaielekea taa na kuunyosha mkono wenye mpira juu kidogo ya kichwa.

"Mwezi mpya," alitangaza. "Upande unaonitazama mimi ni giza tupu."

Mkaguzi akautazama mpira. Kwake ulikuwa unang'aa wote. Akaandika.

Redio akageuka polepole kuelekea kushoto kwake, mkono bado umenyooka, hadi taa ikawa kuliani mwake. "Robo ya kwanza. Naona nusu ya kulia inawaka."

Mkaguzi akaona mpira mzima unang'aa. Akaandika kwa nguvu zaidi. Redio akaipa taa mgongo, akatangaza mwezi mpevu, na mkaguzi akakubali kwa kichwa. Akaendelea kugeuka, akatangaza robo ya mwisho, na mkaguzi akafunga kalamu kama mtu anayefunga jeneza.

"Binti," alisema, "nani amekufundisha kusema nusu wakati kitu ni kizima?"

"Kizima kwako, mheshimiwa," alisema Redio. "Wewe umekaa na jua. Jua halijawahi kuona nusu mwezi."

"Mimi hata sijaona chochote, kichwa cha Redio kimenikinga," alisema mmoja kutoka nyuma.

Mkaguzi akageuza fomu ili mwalimu mkuu aisome. Ilikuwa imeandikwa kwa wino, nakala zote tatu: *Mwalimu anawafundisha watoto kusema wasichokiona.* Mwalimu mkuu akaisoma, akamtazama Mama Mwezi kwa huruma ya kweli.

"Mheshimiwa," alisema Mama Mwezi, "nakuomba usogee. Hatua nne tu, ukasimame aliposimama mtoto."

"Mama, kwa taratibu zetu, mkaguzi haondoki kitini kabla hajatia sahihi. Na nikishatia sahihi, somo limekwisha."

Utaratibu ulikuwa utaratibu, na hakuna aliyejua wa kumlaumu.

"Haondoki kitini," alisema Redio. "Lakini kiti kinaweza kuondoka?"

Mkaguzi akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, kwa namna yake. "Kuhusu kiti," alikiri, "fomu haisemi."

Watoto wanane wakakinyanyua, wawili kila mguu, mwalimu mkuu akitembea ubavuni na kushika mto. Wakamtua katikati, uso kwenye taa. Mama Mwezi akampa penseli yenye mpira, akamnyoosha mkono, naye akakaa pale, mpana na mweupe wa chokaa vidoleni, akilitazama giza la mwezi mpya.

"Mgeuzeni," alisema Mama Mwezi. "Kushoto, polepole."

Kiti kikalia sakafuni. Ukingo mwembamba wa mwanga ukajitokeza upande wa kulia wa mpira, ukanenepa, ukawa nusu. Wakamgeuza tena, nusu ikavimba, na alipoipa taa mgongo, mpira ukamwakia mzima usoni. Lakini mkono wake ulikuwa umechoka, ukashuka, na mwezi ukazimika.

"Hapo!" alisema kwa furaha. "Kivuli cha dunia. Ndicho kinachoupunguza mwezi. Nilifundisha hivyo miaka ishirini na miwili."

Darasa likamwonea haya kwa niaba yake. Redio akamshika kifundo cha mkono, akakipandisha, na mpira ukawaka tena.

"Huko ni kupatwa kwa mwezi, mheshimiwa," alisema taratibu. "Hutokea mara chache, maana kwa kawaida mwezi hupita juu au chini ya kivuli."

"Ulipoiona nusu," aliongeza Mama Mwezi, "taa ilikuwa kuliani kwako. Kivuli chako kilianguka wapi?"

Mkaguzi akafikiri sana. "Kushoto. Ukutani."

"Na mpira ulikuwa wapi?"

"Mbele yangu." Akautazama mpira. "Kivuli hakikuugusa."

"Nusu ya mpira huwaka daima," alisema Mama Mwezi. "Kinachobadilika ni kiasi gani cha hiyo nusu tunakiona tukiwa hapa."

Mkaguzi akaomba azungushwe tena. Wakamzungusha. Akaomba mara ya tatu, na safari hiyo akawa anataja sura mwenyewe, kwa sauti ndogo, na alipokosea watoto wakamsahihisha bila kucheka. Kisha akaomba fomu.

Akaitazama kwa muda mrefu. Wino haufutiki, na fomu yenye mkwaruzo ofisini kwao ilihesabika kuwa imeghushiwa. Mama Mwezi alisimama na soksi tupu ya balbu mkononi, akiwa tayari kwa herufi za darasa la kwanza. Mkaguzi akaandika mstari chini ya ule wa kwanza, akatia sahihi, akampa fomu Mama Mwezi na si mwalimu mkuu.

Aliisogeza kwenye taa akausoma mstari mpya: *Maoni ya hapo juu ni ya mtu aliyekaa pabaya. Darasa la sita libaki na mwalimu wake.*