Mstari Ulioachwa Ukining'inia

Kwenye chumba cha pasi cha hospitali, mwenzangu tulimwita Mizani. Hakuna shuka aliyoinyoosha bila kuhesabu silabi kwa vidole: nane, kituo kidogo, nane nyingine. Nilikuwa namtania kwamba siku moja ataunguza foronya kwa ajili ya kina. Lakini wiki ile sikumtania, maana alikuwa hali wala halali.

Shangazi yake alikuwa amemshawishi kaka wa Mizani, dereva wa lori, aje Jumapili kwa dada yake, katika nyumba ya baba yao. Ndugu hao hawakuwa wamezungumza miaka sita, tangu baba yao augue na kufariki bila dereva kufika. Shangazi alisema wazi: "Asipokaa safari hii, simwiti tena."

Mizani alijijua. Akifungua mdomo mbele ya kaka yake, hutoka matusi. Kwa hiyo alitunga shairi la beti tatu, mishororo minne kila ubeti, na wa mwisho ukawa kibwagizo kisichobadilika hata herufi.

Niliposoma, nilimrudishia karatasi. "Anza na ubeti wa tatu," nikamwambia. "Huu wa kwanza utamfukuza."

"Nikianza na wa tatu, kibwagizo kitakuwa 'karibu' tu, kama unavyomkaribisha mgeni yeyote. Lazima kwanza kimchome."

"Na akichomwa akaondoka?"

Alichukua shuka nyingine.

Jumapili sebule ilijaa watu wa ukoo; kiti kimoja tu, cha dirishani, kilikuwa kitupu. Mimi nilijibanza karibu na kabati. Dereva aliketi kwenye benchi la mlangoni, funguo za lori mkononi. Mizani akasimama, akakunjua karatasi.

*Baba alikuuliza, macho yake mlangoni,*
*Tukawa twamtuliza, kwamba uko safarini,*
*Mpaka akanyamaza, hukutokea nyumbani,*
*Kiti chako kipo pale, hakijakaliwa bado.*

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wasikilizaji wa shairi wana tabia ya kukidaka kibwagizo, na ukoo ule ulikidaka kwa sauti moja, wajomba kwa wapwa: *Kiti chako kipo pale, hakijakaliwa bado.* Kwa mtu aliyekuwa akingoja kusutwa, hiyo ilikuwa hukumu ya nyumba nzima. Dereva akainuka.

"Mmeniita mnizomee," akasema, akashika kitasa.

Nilitamani kumfinya Mizani. Yeye akaendelea, haraka zaidi:

*Wageni wakija kwangu, huwaonyesha mkeka,*
*Hata hao wana wangu, wakikigusa nawaka,*
*Nafuta kwa nguo yangu, vumbi lisije kushika,*
*Kiti chako kipo pale, hakijakaliwa bado.*

Safari hii waliodaka walikuwa wachache, tena kwa sauti ya chini. Maneno yalikuwa yale yale, ila sasa yalimhusu dada mwenye kitambaa mkononi, anayemlindia mtu nafasi yake miaka sita. Mlango ulikuwa umefunguka nusu. Dereva hakutoka, wala hakugeuka.

Mizani akaingia ubeti wa mwisho:

*Neno alinipatia, nikuletee kakangu,*
*Hasira zikanitia, kufuli kinywani mwangu,*
*Alikwisha kuridhia, kosa si lako, ni langu,*
*Kiti chako kipo pale...*

Sauti ikakatika. Hakuna aliyemsaidia. Shangazi mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, maana hakujua kama kulikuwa na neno lolote la marehemu. Nusu ya mstari ilibaki hewani, silabi nane zikidaiwa, na kila mtu alizijua.

"Hakijakaliwa bado," dereva akamalizia, akiwa bado ametupa mgongo. Kisha akageuka. Uso ulikuwa umembadilika. "Alisema nini? Usinipe shairi. Nipe maneno yake."

"Alisema, 'Mwambie kaka yako sina kinyongo naye. Arudi, hata asiponikuta.'"

"Lini?"

"Siku mbili kabla hajafa."

"Na wewe ukakaa nalo miaka sita."

"Ndiyo, Kaka."

"Kwa nini?"

Nilidhani atasema aliogopa, au alikosa namba ya simu. Watu wengi wangesema hivyo, na mimi ningekuwa wa kwanza.

"Nilimuuguza peke yangu," akasema. "Nilitaka uumie kama nilivyoumia."

Nilizitazama zile funguo mkononi mwa dereva. Alikuwa amezikaza mpaka vidole vimepauka, na niliamini kabisa kwamba anaondoka, tena kwa haki.

"Basi nimeumia," akasema.

Akapita katikati ya magoti ya watu, akaenda mpaka dirishani, akakaa.