Pumzi za Fundi wa Sare

Fundi wa Sare alishona nguo za wanafunzi tangu ujanani, na sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha na pini mdomoni. Ndivyo alivyofunzwa: kitambaa mezani, mkasi mkononi, pini zimebanwa kati ya midomo, vichwa vyake vikitazama nje. Mtu wa namna hiyo hachezi na pumzi. Fundi alicheka kwa mabega na kugombeza kwa macho. Kutokana na kazi hiyo alijijengea imani ambayo hakuna aliyewahi kuipinga mbele yake, kwamba yeye hashushi pumzi.

Aliwafunza hivyo wote waliokaa kwenye mashine zake. Kushusha pumzi, kwake, kulikuwa kulalamika bila maneno, na alimheshimu zaidi mtu anayelalamika kwa maneno. Aliyeumia zaidi kwa sheria hiyo alikuwa mke wa mwanawe. Huyu aliingia katika nyumba ile akiwa anajua kushona, mkimya, mwenye mkono mwepesi kwenye kola na mifuko, na hakumaliza wiki kabla hajaulizwa mbele ya wateja anamnung'unikia nani. Alijibu kwamba hakunung'unika. Fundi akamwambia masikio yake hayajafa. Ikawa hivyo miaka nenda rudi. Mwishowe mkwe akahamisha mashine yake kwenye chumba cha nyuma, kando ya marobota ya vitambaa, akasema huko kuna mwanga mzuri. Hakukuwa na mwanga wowote wa kutajwa.

Kumshtaki mtu kwa jambo analolijua ni haki yetu. Kumshtaki kwa jambo ambalo mwili wake umelifanya bila kumwomba ruhusa ni dhuluma, hata kama mshtaki ni mzazi na hata kama anafanya kazi kuliko wote nyumbani. Fundi hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na uhakika tu, na hakuna aliyemwomba athibitishe.

Kisha mawe kwenye nyongo yakamwangusha. Akapasuliwa, akashonwa upande wa kulia chini ya mbavu, akarudishwa wodini. Mwanawe alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda alikuwa mkwe.

Fundi alipopata nguvu za kuzungumza, jambo la kwanza aliloomba lilikuwa kuona mshono wake. Muuguzi alipobadilisha bandeji akautazama kwa makini, akakiri kwamba daktari ana mkono ulionyooka. Lakini kuanzia hapo akaanza kupumua kama mtu anayemnyemelea kuku, pumzi fupi za juu juu, mkono umetua kwenye bandeji. Hoja yake ilikuwa ya kifundi kabisa. Mshono mbichi hauvutwi. Suruali ngapi alizoziona zikifumuka kwa sababu mwenyewe alichuchumaa kabla ya wakati? Kila mwili ulipotaka kuvuta hewa nyingi, yeye aliikata njiani na kukunja uso. Maumivu nayo yalimuunga mkono.

Jioni kifaa kidogo walichombana kidoleni, cha kupimia hewa iliyomo kwenye damu, kilianza kuonyesha namba zinazoshuka. Wakamwekea mrija wa oksijeni puani. Asubuhi daktari alisikiliza mgongo wake akasema sehemu za chini za mapafu zimenywea. Akamweleza mkwe, pembeni, kwamba zisipofunguka upesi makohozi yatatuama humo, nimonia itaingia, na kwa umri wa mama hilo si jambo la mchezo. Huenda wakalazimika kumhamishia kwenye chumba cha mashine za kupumulia.

Akaletwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamume mfupi wa raba nyeupe ambaye wagonjwa walimpachika jina la Vuta-Pumzi. Alimketisha Fundi wima, akamwambia avute hewa mpaka chini kabisa. Fundi akavuta ya kujaza kikombe cha kahawa.

"Zaidi, mama."

"Zaidi ya hapo nitafumuka. Wewe unajua mazoezi, mimi najua mishono."

Vuta-Pumzi hakubishana. Alimweleza kwamba tumbo lake limeshonwa kwa tabaka, moja juu ya jingine, na hakuna suruali iliyoshonwa hivyo. Fundi akatega sikio, maana hoja ilikuwa ya lugha yake. Kisha Vuta-Pumzi akaeleza mapafu. Ndani yake mna vifuko vidogo vya hewa visivyohesabika, vyenye unyevunyevu kwa ndani. Mtu akipumua kidogo kidogo kwa muda, baadhi hunywea, kuta zake zikagandana kama mfuko wa nailoni uliolowa. Pumzi ya kawaida haivifungui. Kinachovifungua ni pumzi moja kubwa, kama mara mbili ya ile ya kawaida. Ubongo, sehemu yake ya chini inayoendesha upumuaji, huituma yenyewe kila baada ya dakika chache, mtu akiwa macho au amelala, mwenye raha au mwenye shida.

"Ndiyo hiyo tunayoiita kushusha pumzi," alisema. "Majonzi huiongeza, na hata faraja huiongeza, lakini hata asiye na lolote moyoni anashusha. Wewe unaikata, ndiyo maana mapafu yanafunga."

Fundi akasema hayo yatakuwa ya watu wengine. Yeye hajawahi kushusha pumzi, amuulize huyu hapa.

Vuta-Pumzi akamgeukia mkwe. Mkwe alikuwa akikunja khanga ambayo ilikwisha kukunjwa. Angeweza kusema hajui. Kwa miaka yote ile hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na lilikuwa jibu la adabu. Lakini namba kwenye kile kifaa zilikuwa zikionekana kutoka alipoketi.

"Unashusha, mama," alisema. "Kila ukimaliza kutunga uzi kwenye sindano. Unabana pumzi mpaka uzi upite, halafu unaishusha puani. Nakusikia mpaka chumba cha nyuma."

Fundi alimtazama. "Na hukusema?"

"Ningekuuliza unamnung'unikia nani?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajigeuza ukutani ili asionekane anacheka. Fundi hakucheka wala hakukasirika. Alikaa akitazama mikono yake kama anayekagua kazi ya mtu mwingine. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaposhusha huwa anaonekana amechoka.

"Hapana, mama. Unaonekana umemaliza."

Vuta-Pumzi akachukua mto, akamwambia aukumbatie juu ya kidonda, usaidie kushikilia tumbo. Mkwe akasogea akauegemeza mto kwa viganja vyake viwili. Fundi akavuta. Uso ulikunjamana. Safari hii hakuikata. Hewa ilikwenda chini, akaizuia kidogo kama alivyoagizwa, kisha ikatoka yote kwa mkupuo, kwa sauti ambayo kwenye chumba chake cha kushonea ingemfukuzisha mtu kazi. Akakohoa, akatema, akaambiwa arudie. Mshono haukufumuka. Walirudia siku nzima, na siku iliyofuata daktari akasikia hewa ikiingia mahali ambapo haikuwa ikiingia.

Fundi hakuomba radhi kwa maneno. Naona alipaswa kuomba, na sitamsafisha kwa hilo. Aliporudi kazini alimwita mbeba mizigo wa jirani, akamwagiza aitoe mashine ya mkwe chumba cha nyuma na kuiweka karibu na dirisha, mkabala na yake. Mkwe aliuliza sababu. Fundi akasema huko nyuma hakuna mwanga, na amekuwa akijua hivyo.

Mchana ule alitunga uzi. Ulipopita kwenye tundu pumzi ikashuka puani, ndefu, na yeye mwenyewe akaisikia kwa mara ya kwanza. Akainua macho. Mkwe alikuwa ameinama juu ya kola. Baada ya muda naye akashusha yake, bila kujua, na mashine ikaendelea.