Mahindi Yakiwa Yamesimama

Jina la Mama Kamba hakupewa na wazazi wake. Alilipata mashambani, kwa ajili ya kamba ya mita kumi aliyoizungusha kiunoni kila alipotumwa kukadiria hasara. Kampuni ya bima ilimpa futi ya chuma, ikashika kutu mwaka huohuo, akarudi kwenye kamba yake. Wakulima wakimwona kwa mbali hupiga kelele, "Haya, ficheni majogoo, Mama Kamba asije akawapima nao!" Naye hakuwa mtu wa kuonewa. Mmoja aliwahi kudai eka tatu zimeungua wakati shamba lake ni eka mbili, Mama Kamba akamuuliza kama ile ya tatu aliipanda angani.

Miaka kumi na tisa alifanya kazi hiyo, na mitatu ya mwisho aliifanya kwa woga. Hakuingia tena peke yake kwenye mahindi makavu. Majani yakisuguana kidogo tu, yeye alisikia mtu akikohoa mistari miwili mbele yake, kikohozi kifupi cha mtu mwenye adabu anayetaka kujulisha kuwa yupo. Alijua kabisa kuwa ni upepo. Lakini mwili wake haukujua, na jasho lilimtoka hata asubuhi ya baridi.

Aliyekuwa akikohoa hivyo ni mzee mmoja aliyeitwa Taratibu, maana hakuwahi kufanya jambo kwa haraka. Miaka mitatu nyuma, mahindi yake yalikuwa yamekauka na wezi walianza kuzunguka. Alimkuta Mama Kamba kwenye shamba la jirani, akamuuliza, "Mwanangu, niyavune niyaingize ghalani, au niyaache?"

Mama Kamba akamweleza ukweli kama ulivyoandikwa kwenye mkataba. Bima ya shamba inayalinda mahindi yakiwa yamesimama, dhidi ya moto na dhidi ya wizi, mpaka yavunwe au mpaka tarehe ya mwisho ifike. Ukishayakata ukayaingiza ghalani, bima hiyo haiyafuati. Ghala lina bima yake peke yake, na la mzee halikuwa nayo.

"Kwa hiyo nje yana mtu wa kuyalipa, ndani hayana," mzee alisema.

"Ndivyo ilivyo, baba."

Basi akayaacha nje kumsubiri mnunuzi, akajenga kibanda katikati ya shamba, akawa analala humo. Wezi walikuja siku ya sita. Mzee Taratibu alifia hospitali, kichwa kimepasuka. Mama Kamba ndiye aliyekwenda kupima. Akahesabu mabua yaliyobaki na maganda matupu yakining'inia, akaandika ripoti safi isiyo na kosa, na kampuni ikalipa mahindi yote. Hakuna aliyemlaumu. Mjane alimshika mkono kwa mikono miwili akamshukuru, na shukrani hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi, afadhali angetukanwa.

Sasa, Jumanne moja, faili likatua mezani kwake. Moto. Akasoma jina la mwenye shamba, akaliweka chini, akaenda kunawa uso. Akafikiri kumsukumia mwenzake wa meza ya pili. Kisha akaona haya, akachukua kamba, akaenda.

Alimkuta mjane wa Taratibu ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mahali palipokuwa na ghala. Ghala lilikuwa la kuta za udongo na paa la nyasi, limeshikana na jiko. Cheche iliruka kutoka jikoni adhuhuri, paa likashika, na baada ya saa moja kulikuwa na rundo la majivu linalofika kiunoni. Siku tatu zilikuwa zimepita na magunzi ya chini bado yalikuwa yakifuka moshi. Harufu ilikuwa ya mahindi ya kuchoma, tamu kabisa, na Mama Kamba akaziba pua kwa jinsi ilivyokuwa tamu. Pembeni, binti wa nyumba hiyo, mwalimu wa chekechea, alikuwa akichambua majivu kwa jembe akitafuta punje zilizosalimika.

"Karibu, Mama Kamba," mjane akasema. "Umekonda."

Wakazunguka shamba pamoja. Eka moja na nusu ilikuwa tupu. Mama Kamba aliinama akashika visiki: vimekatwa kwa panga, mshazari, vyote kwa urefu mmoja, na havikuungua hata kidogo. Nusu eka ya chini, iliyopandwa kwa kuchelewa, ilikuwa bado ya kijani upepo ulipozirusha cheche za paa huko. Hayo yalikuwa yamesimama kweli, majani yamebabuka, punje hazikuwahi kujaa. Akatandaza kamba, akahesabu mashina mara nne, kila mara mahali tofauti. Hayo yatalipwa, hakuna ubishi.

"Na ya ghalani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Nilikuja ofisini kwenu kuyaombea bima yake. Kijana wa dirishani akaniambia paa la nyasi, tena limepakana na jiko, hawaliandikii bima mpaka niezeke bati na nihamishe jiko. Sikumlaumu. Sasa naona alikuwa na macho."

"Kwa nini usingeyaacha shambani, mama? Yalikuwa na bima huko!"

Maneno yalimtoka kabla hajayazuia. Yalikuwa yaleyale aliyomwambia mzee. Akasikia kikohozi nyuma yake, akageuka, ni mabua.

Mama Kamba akakaa chini hapohapo kwenye udongo, akatoa fomu. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika uongo hata wa shina moja. "Sikiliza, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Naandika eka mbili zote ziliungua zikiwa zimesimama. Nyie limeni hivi visiki kesho, visionekane. Nina deni kwenye nyumba hii, na wewe unalijua."

"Kumbe ndilo linalokukondesha."

"Niache niandike."

Mjane akachuchumaa kando yake, akaichukua fomu akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kikasimama karibu na mwisho, penye swali la mahindi makavu ambayo bado yako shambani: jina la anayelala akiyalinda.

"Hapa unamwandika nani?"

Mama Kamba akatazama kalamu yake.

"Msimu ule hapa ulimwandika baba yake. Nililiona jina lake kwa mwandiko wako." Akaelekeza kidevu kwa binti aliyekuwa akipekua majivu. "Yule alishanunua tochi na koti la mvua. Ananiambia, mama, nitalinda mimi, bima ipo. Siku hiyohiyo nikaita watu wa kukata. Nilijua ghalani hayana wa kuyalipa. Nilijua vizuri kuliko wewe unavyojua."

"Jina tu, mama. Karatasi tu."

"Hata kwenye karatasi. Humu shambani simlazi tena mtu wangu."

Akamrudishia fomu. Mama Kamba akaandika nusu eka, mahindi mabichi, yamesimama, moto. Kwenye nafasi ya mlinzi akapiga mstari, maana mahindi mabichi hayaulizwi. Kwenye maelezo akaandika: mahindi ya ghalani, eka moja na nusu, hayamo katika bima. Kalamu ikachana karatasi kidogo. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha msiba ambacho hakukilia miaka mitatu, mpaka binti akaacha jembe akaja mbio, majivu yamemfika viwikoni, akamshika mabega akamuuliza, "Shikamoo, Mama Kamba, vipi tena, kwani nani kafa?"