Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Dada yangu alituma maombi ya kazi Jumamosi mchana, nyumbani kwetu Musoma, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu hapo ndipo mtandao unashikaga. Kiwanda cha samaki kilikuwa kinatafuta msaidizi wa afisa ubora. Dada ana stashahada ya mambo hayo hayo, ya samaki na usalama wa chakula, na tangu amalize chuo ameomba kazi mpaka mimi nimeanza kumtania kwamba yeye ni mwombaji wa kudumu, amebakiza kupewa mshahara wa kuomba. Lakini hii aliitaka kweli. Nilijua kwa sababu nilimtania na hakunirushia kandambili.

Tangazo lilikuwa kwenye ule mtandao wa kikazi, ule ambao kila mtu "ana furaha kutangaza" kitu. Mimi nakaaga nausoma kama vichekesho. Jirani yetu mmoja anauza vocha, huko ndani ni mtaalamu wa suluhisho za mawasiliano. Basi, dada alipobonyeza kutuma tu, pakatokea chini picha ya mama mmoja aliyevaa miwani: afisa ajira, ndiye aliyeweka tangazo.

"Niungane naye," dada akasema. "Nimwandikie ujumbe mfupi, ajue nimeomba."

"Si ubonyeze tu?"

"Nikibonyeza tu nitakuwa sura moja katikati ya sura mia. Ujumbe ndio utamfanya asimame anisome."

Hapo ndipo tukagundua balaa. Ukiwa hulipii mtandao ule, wanakupa nafasi chache sana kwa mwezi za kuambatanisha ujumbe na mwaliko wa kuungana. Dada alikuwa amebakiwa na moja. Nyingine zote alikuwa amezimaliza kwa kuwaandikia walimu wake wa zamani na mwenyekiti wa kwaya ya chuo, "Bwana asifiwe, naomba tuungane." Mwenyekiti wa kwaya mpaka leo hajakubali.

"Sasa hii moja," dada akasema, "ikishaondoka hairekebishwi. Naweza kuufuta mwaliko, lakini nikiufuta nakaa wiki kadhaa ndiyo naruhusiwa kumwalika tena. Wakati huo kazi ameshachukua mtu."

Na ndani ya ujumbe wenyewe, herufi mia mbili. Nafasi inahesabiwa, nukta inahesabiwa. Nikamwambia hiyo hata mama haimtoshi kusalimia.

Nilisema kwa utani, ila mama alisikia. Alikuwa anapepeta dagaa uani. Mama anauza dagaa pale sokoni Mwigobero, kando ya ziwa, na yule akikusalimia ni lazima ajue umeamkaje, wazazi, watoto, na yule aliyekuwa anaumwa mguu. Akaja na ungo wake mkononi.

"Unamwandikia mtu mzima, umemsalimia?"

"Mama, herufi ni chache."

"Salamu haina uchache. Andika: Shikamoo mama, habari za nyumbani, habari za kazi, sisi huku hatujambo, hofu ni kwako."

Mimi nikafungua kisanduku hicho hicho cha ujumbe kwenye simu yangu, nikaandika yote nihesabu. Karibu nusu ya nafasi ilikuwa imekwisha, na hata kazi yenyewe haijatajwa.

Kama vile hiyo haitoshi, siku hiyo mjomba alikuwa amefika kutoka Bunda. Mjomba ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, na kama kuna mtu duniani anapenda barua, ni yeye. Akiandikaga barua ya kuomba mizani itengenezwe, utadhani anatangaza uhuru. Akavuta kiti, akavaa miwani, akaomba simu yangu.

"Hamjui kuandika nyie watoto. Leta hapa." Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, sisi tumesimama kama watu wa msibani. Akamaliza, akasoma kwa sauti: "Yah: Maombi ya Nafasi ya Kazi. Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania mwenye akili timamu, nina heshima kubwa mbele ya ofisi yako tukufu kuwasilisha kwako maombi—" Akasogeza simu karibu na macho. "Mbona imekataa?"

"Imejaa, mjomba."

"Imejaaje na sijaanza?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mjomba akasema mimi nitakufa maskini kwa sababu ya meno, meno yanakaa nje muda wote. Nikamwambia, "Mjomba, tatizo hapo juu hakuna kichwa cha habari. Hapo juu kuna picha ya huyo mama tu. Unamwambia ahusike na kichwa chake?"

"Mama yake," mjomba akamwambia mama, "huyu mtoto mnamlisha nini?"

Dada hakucheka. Alikuwa anasoma ukurasa wa yule afisa ajira. Na hapo akafanya kosa la kusoma kwa sauti: mwanamke yule alisoma sekondari Butiama.

Mjomba akavua miwani. "Butiama?"

"Ndiyo, lakini—"

"Shangazi yenu si yuko Butiama? Piga simu!"

Kwetu hakuna mtu anayetafutwa asipatikane. Dakika hiyo hiyo shangazi alikuwa kwenye spika, kuku wanalia nyuma yake, na tulipomsomea jina la ukoo la yule afisa akapiga yowe. "Huyo ni wa kwetu! Baba yake tulikuwaga majirani, kabla hawajahamia upande wa Buhemba. Huyo mtoto nimembeba mgongoni! Mwambie shangazi yako ni yule aliyekuwa anampa viazi. Atakupa kazi kesho."

Mjomba akapiga paja. "Imeisha hiyo. Futa yote, andika: Mimi ni mtoto wa aliyekupa viazi."

Nakiri ilikuwa sentensi nzuri. Ningekuwa mimi ningeituma. Mama naye alikuwa ameshalainika, ameweka ungo chini, macho yanamng'aa. Wote tukamtazama dada.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Shikamoo shangazi, asante sana kwa viazi. Lakini hapana. Mjomba, wewe kwenye chama chenu, mtu akija kuomba kazi ya kupima pamba, halafu kitu cha kwanza anakwambia shangazi yake alikubeba, unafanyaje?"

Mjomba akafikiri. Yeye ni muongo kwenye hadithi za ujana, lakini kwenye mambo ya mizani hadanganyi. "Naanza kumuogopa," akasema. "Nikimpa, wakulima watasema ni ndugu. Nikimnyima, ukoo mzima utanisema."

"Basi. Huyu mama hajanikosea kitu, kwa nini nimtwishe mzigo? Mimi nataka afungue maombi yangu kwa sababu kuna kitu cha kusoma."

Shangazi kwenye spika akauliza, "Amesema nini?" Nikamwambia amesema viazi vilikuwa vitamu. Mama akanifinya.

Dada akatuhamisha sote tukae mbali na ndoo yake, akaanza upya. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu alichungulia aliyoandika yule afisa kwenye ukurasa wake, akakuta mengi ni Kiswahili. Alitaja nafasi aliyoomba, na kwamba ameiomba leo leo. Halafu kitu kimoja tu alichofanya. Si "mchapakazi", si "mwenye kujituma". Alisema wote wanaandika hivyo, hata mimi nikiandika nitaandika hivyo, na mimi nalala mpaka saa nne.

Alipotusomea, kile kitu kilikuwa hiki: "Mwigobero nilisimamia dagaa kuhamishwa kutoka mchangani hadi kwenye chanja."

Kwa asiyejua, chanja ni meza ndefu za miti zenye wavu juu. Dagaa wakianikwa mchangani wanaokota mchanga, na mvua ikija wanaoza. Dada alipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo aliwasumbua wachuuzi wa Mwigobero mpaka wengine wakajenga chanja. Ni kweli kabisa. Lakini mama akainua kichwa.

"Ulisimamia?"

"Mama, ndivyo wanavyoandikaga."

"Ulisimamia miti gani? Wewe ulikuwa na kalamu. Miti nilibeba mimi na wenzangu, na wavu tulishona wenyewe. Siku ya kwanza chanja ilianguka, dagaa wote chini, wewe ukalia."

"Alilia?" nikauliza. Hiyo sikuwahi kuambiwa. Nilihisi nimeibiwa utani wa mwaka mzima.

"Alilia. Halafu akafuta machozi, akasema tuweke mguu mwingine katikati. Tukaweka. Mpaka leo imesimama."

Dada akarudisha kidole kwenye simu. Mjomba akaanza kusema kwamba "nilisimamia" ni neno zuri lenye cheo. Dada akalifuta. Akaandika tena, mimi nikahesabu herufi, zikatosha na kubaki. Mama akaona zimebaki, akadai "za kazi" ziongezwe kwenye salamu, akapewa. Ujumbe uliondoka hivi:

"Habari za kazi. Nimeomba leo nafasi ya msaidizi wa ubora. Mwigobero mimi na akina mama tulihamisha dagaa kutoka mchangani hadi kwenye chanja. Ningefurahi kuungana nawe. Asante."

"Hujaomba kazi," mjomba akalalamika.

"Kazi nimeshaiomba kule kwenye maombi, mjomba. Hapa nabisha hodi."

Jumapili mwaliko ulikuwa bado unasubiri. Mimi nilimletea habari za uongo mara mbili kwamba umekubaliwa, mara ya pili kandambili ikanipata. Jumatatu alfajiri mjomba alirudi Bunda akiwa na uhakika kwamba tungetumia viazi tungekuwa tumeshaajiriwa ukoo mzima.

Jumatatu hiyo hiyo mchana, dada akiwa anaosha vyombo, simu ikalia. Akaja na mikono ya povu, akanipa nisome. Afisa alikuwa amekubali, na alikuwa ameandika: "Asante. Maombi yako nimeyaona. Hiyo kazi ya chanja, wewe hasa ulifanya nini, na akina mama walifanya nini?"

Nikamtazama mama. Mama akajifanya anatafuta chumvi.

Sasa wameshaungana, dada angeweza kuandika hata kurasa tatu, hakuna wa kumhesabia herufi. Nilimwambia amwage kila kitu, aweke na stashahada na kwaya. Akaandika mistari minne. Kwamba akina mama walileta miti, wavu na nguvu. Kwamba yeye alipima joto na unyevu, akachora kimo cha chanja. Kwamba chanja ya kwanza ilianguka kwa sababu alikosea nafasi ya miguu, wakaongeza mguu wa katikati, na sasa inabeba. Hakuandika kwamba alilia. Nilijitolea kuongeza hiyo, akakataa.

Yule afisa akajibu kwa neno moja, "Nimekuelewa," na nukta.

"Ndiyo nini hiyo?" mama akauliza. "Amekubali au amekataa?"

"Amenielewa," dada akasema, anatabasamu kama mtu aliyemaliza mtihani na karatasi bado anayo mkononi. Akakausha mikono, akaingia ndani, akatoka na ile blauzi yake nyeupe na pasi ya mkaa.

Nikamuuliza, "Unapiga pasi ya nini, umeitwa usaili?"

"Bado."

"Sasa?"

"Niletee mkaa," akasema. "Na usiongee."

Nikaenda kuleta mkaa.