Milimita Tano za Nguzo ya Sita

Leodegar alishuka Dar es Salaam kutoka Kibosho na shahada ya shule ya mapadre na rula ya mbao. Rula ndiyo iliyomfanya karani wa afya. Kwa miaka saba alipanga chumba cha uani kwa Bi Mauza, Kariakoo, mlango wake ukitazamana na kisima. Marehemu Salem, mume wa Bi Mauza, alikichimba mwenyewe. Sasa wapagazi wa sokoni walinunua maji hapo kwa debe, na mjane akala.

Mwaka ule daktari mmoja alipita mitaa minane akigusa matumbo ya watoto, akitafuta bandama zilizovimba kwa homa ya mbu. Alichora nguzo nane kwenye karatasi kubwa, nguzo moja kwa kila mtaa, akaibandika ukutani, kisha akapanda meli kwenda kwao na daftari la hesabu. Karatasi ililiwa na mchwa. Ilibaki picha yake tu, iliyopigwa na mtu aliyesimama kushoto. Juu ya nguzo hapakuwa na tarakimu hata moja. Kushoto tu paliandikwa ishirini, thelathini na arobaini, na kutoka kila namba mstari mwembamba ulikatiza mchoro mzima.

Amri ilikuwa fupi: mtaa wenye watoto thelathini na tano wagonjwa au zaidi katika kila mia, visima vyake, mazalio ya mbu, vifukiwe. Mtaa wa Bi Mauza ulikuwa nguzo ya sita.

"Mwanangu," Bi Mauza alimwambia asubuhi ile, akimpa kikombe cha kahawa, "nasikia leo mnatupima."

"Tunapima picha, Bi Mauza."

"Basi ipime kama mtu anayeoga hapa."

Ofisini alimkuta karani mwenzake, Marcelino, keshamaliza. "Nguzo ya sita ni thelathini na nne!" alisema Marcelino. "Kanunue halua, mwenye nyumba wako kapona."

Leodegar angeweza kunyamaza. Aliiweka rula juu ya picha.

"Umepimaje?"

"Toka thelathini hadi arobaini, pale kwenye namba, milimita kumi na mbili. Kichwa cha nguzo kimepita mstari wa thelathini kwa milimita tano. Tano katika kumi na mbili, ni kama nne katika kumi. Thelathini na nne."

"Kumi na mbili ni huko kushoto. Aliyepiga picha alisimama huko, kwa hiyo kulia kumesinyaa. Tazama mistari inavyokaribiana. Pima hapa hapa, kwenye nguzo yenyewe."

Marcelino alipima. Milimita kumi. Tano katika kumi ilikuwa nusu ya njia: thelathini na tano.

"Wewe Mchaga," alisema Marcelino polepole, "nani alikuuliza?"

Wino wa daktari kwenye kichwa cha nguzo ulikuwa mnene, milimita mbili nzima. Ukingo wa chini wa wino ulisema thelathini na nne, wa juu thelathini na sita, na hakuna aliyejua daktari alikusudia upi. Leodegar alipima katikati ya wino, akaandika: *Thelathini na tano, yaweza kupungua au kuzidi moja.* Aliamini maneno yale ya mwisho yangemwokoa mtu.

Bwana Afya, mkuu wao, aliyasoma, akayakata kwa kalamu nyekundu.

"Nataka namba moja."

"Bwana, picha haina namba moja."

"Umeshaiandika," alisema, akapiga muhuri.

Siku ya nne vibarua walikuja na mikokoteni ya kifusi. Bi Mauza alisimama mlangoni na ndoo mkononi mpaka sauti ya mawe kuangukia maji ikageuka sauti ya mawe kuangukia mawe. Marcelino alikuwa keshamweleza kila kitu, pengine kwa huruma, pengine kwa kumkomoa mwenzake.

"Ilikuwa thelathini na nne," Bi Mauza alimwambia Leodegar jioni.

"Ilipimwa vibaya, Bi Mauza."

"Na yako ikapimwa vizuri. Ndiyo hesabu kamili ya daktari?"

"Hapana. Sijui. Hakuna ajuaye."

"Hujui," alisema Bi Mauza. "Umenifukia kwa usichokijua."

Hakumfukuza. Kodi ya chumba ndiyo riziki pekee iliyombakia. Kila alfajiri alikwenda kwenye bomba la serikali karibu na Mnazi Mmoja, akapanga foleni kwa miguu yake iliyovimba, akarudi, akaweka ndoo ya kuogea mbele ya mlango wa mpangaji. Leodegar alimwomba aache, yeye mwenyewe angechota. Kesho yake ndoo ilikuwa pale pale. Siku moja aliamka mapema, akamwahi mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba." Aliitua ndoo. Maji yalikuwa yamemwagika njiani. "Leo ni nusu, yaweza kupungua au kuzidi. Lete rula yako."